Jua la Saa Saba Lilivyoharibu Densi ya Nyanya

Ukipiga video ya sherehe nje mchana, kamera hukuamulia mambo bila kukuuliza. Hivi ndivyo utakavyoichukulia usukani.

Mnamo Desemba 2018 shemeji yangu alifunga ndoa huko Machakos, nami nikakabidhiwa kazi ya kupiga video. Sikuwa mpigapicha wa kulipwa. Nilikuwa tu yule mtu wa jamaa ambaye ana kamera, na kila ukoo wa mjini siku hizi una mtu wa namna hiyo. Jua lilikuwa kali, mbingu haikuwa na wingu hata moja, na yapata saa saba mchana nyanya ya bibi harusi aliinuka kitini, akatupa bakora kando na kuanza kucheza. Watu walipiga vigelegele hadi vikasikika barabarani.

Jioni tulipoitazama video hiyo kwenye televisheni nilitaka ardhi ipasuke inimeze. Rangi zilikuwa safi na sura ya nyanya ilionekana vizuri, lakini alikuwa akicheza kama mwanasesere anayevutwa kwa kamba. Mikono yake ilirukaruka kutoka mahali pamoja hadi pengine. Waliokuwa wakipiga makofi walionekana kama wana viganja vinne. Tena kila bibi harusi alipopita mbele na gauni lake jeupe, picha nzima iliingia giza, na alipoondoka ikang'aa upya.

Nyanya huyo aliaga dunia mwaka wa 2021. Densi ile ndiyo video pekee tuliyo nayo akiwa amesimama kwa miguu yake, na hakuna fundi aliyeweza kuirekebisha. Maji yakimwagika hayazoleki. Ndiyo sababu nimeona nikusimulie, msomaji, kilichotendeka ndani ya kamera ile, ili yasikupate yaliyonipata.

Macho ya kamera hufumba na kufumbua

Video si picha moja inayotembea. Ni mfululizo wa picha nyingi zilizotulia, ambazo huitwa fremu, na hapa kwetu ni vyema zipigwe 25 kwa kila sekunde. Kila fremu basi ina nafasi yake ya sehemu moja ya 25 ya sekunde. Katika nafasi hiyo kamera hufumbua jicho kwa muda fulani ili ipokee mwanga, kisha hufumba. Muda huo wa kufumbua ndio mafundi huuita kasi ya shata, na kwenye kioo cha kamera huandikwa kama 1/50 au 1/1600.

Siku ile ya harusi nilikuwa nimeiacha kamera ijiendeshe yenyewe. Ilipoona jua limezidi, ilipunguza mwanga kwa njia iliyo rahisi kwake: ilifumbua jicho kwa muda mfupi mno, sehemu moja ya 1,600 ya sekunde. Hebu piga hesabu. Ukigawanya nafasi ya kila fremu katika vipande 64, kamera yangu ilitazama katika kipande kimoja tu na kufumba macho katika vile 63 vilivyosalia. Mkono wa nyanya ulikuwa ukitembea katika vipande hivyo vyote, lakini safari yake haikunaswa. Tulipata mkono hapa, kisha mkono pale, na katikati hamna kitu.

Sasa pungia mkono wako mbele ya uso kwa haraka. Utaona vidole vinaacha kivuli chepesi, kana kwamba vimepakwa hewani kwa brashi. Jicho la binadamu limezoea ukungu huo mdogo, na ndio unaofanya mwendo uonekane laini. Video ikiukosa, mtazamaji huhisi kuna kasoro hata kama hajui kuitaja.

Kanuni ya nusu

Waliotengeneza kamera za sinema za zamani walilitatua jambo hili kwa kifaa chepesi. Mbele ya filamu waliweka kisahani kinachozunguka, ambacho nusu yake ilikuwa imekatwa. Nusu iliyokatwa ilipopita, mwanga uliingia. Nusu nzima ilipopita, mwanga ulizuiwa huku filamu ikisogezwa kwa ajili ya fremu inayofuata. Basi kila fremu ilipata mwanga kwa nusu ya nafasi yake. Nusu ya mviringo ni nyuzi 180, na ndiyo maana mpaka leo mafundi huzungumzia shata ya nyuzi 180 hata kwa kamera zisizo na kisahani chochote.

Kwako wewe kanuni ni hii: chukua idadi ya fremu kwa sekunde, izidishe kwa mbili, na hiyo ndiyo kasi ya shata. Fremu 25 zinataka 1/50. Fremu 50, ambazo hutumika unapotaka kupunguza mwendo baadaye, zinataka 1/100.

Kuna sababu nyingine ya kupenda 25 na 1/50 katika nchi yetu. Umeme wa Kenya hukamilisha mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi hupepesa pamoja nao ingawa macho yetu hayaoni. Ukiingia ukumbini na shata ya 1/60, huenda ukaona mistari ya giza ikipanda au kushuka polepole kwenye picha. Kwa 1/50 mistari hiyo kwa kawaida hutoweka. Ikiwa kamera yako inatoa 30 na 60 pekee, tafuta ndani ya menyu palipoandikwa NTSC na PAL, kisha uchague PAL. Hapo 25 na 50 zitajitokeza.

Kanuni hii si amri ya Musa. Katika filamu ya vita ya Steven Spielberg ya mwaka 1998, ile inayoonyesha askari wakitua ufuoni Normandi, wapigapicha walifupisha muda wa shata kwa makusudi ili mapigano yaonekane ya kukatika-katika na kutisha. Lakini wao walitaka vita. Mimi nilikuwa nikipiga harusi.

Mwanga unaobaki utaupeleka wapi?

Ukishaifunga shata kwenye 1/50, taabu nyingine huanza. Jicho la kamera sasa hufumbuliwa kwa muda mara 32 zaidi ya ule wa 1/1600, na katika jua la saa saba picha itakuwa nyeupe kama unga. Una vitu viwili vya kupunguzia mwanga ndani ya kamera.

Cha kwanza ni ISO, yaani kiasi ambacho kamera hukuza kile ilichopokea, mfano wa kitufe cha sauti kwenye redio. Ukikiongeza sana, redio hukoroma. ISO ikiongezwa sana, picha hujaa chengachenga. Katika jua hakuna haja ya kukuza chochote, kwa hivyo ishushe hadi mwisho wake, ambao kwenye kamera nyingi ni 100. Zikisha hizo, hakuna tena pa kushuka.

Cha pili ni tundu la lenzi. Lenzi ina mboni inayopanuka na kubana kama ya paka, na ukubwa wake huandikwa f/2.8, f/4, f/5.6, f/8, f/11, f/16 na f/22. Wanafunzi wengi huchanganyikiwa kwa kuwa namba ikiwa kubwa tundu huwa dogo. Zifikirie kama mafungu ya ugali: anayepewa moja ya nne amepata kipande kikubwa kuliko anayepewa moja ya kumi na sita. Kila unaposonga namba moja katika safu hiyo kwenda kulia, mwanga unaoingia hupungua kwa nusu. Kusonga huko huitwa hatua.

Wapigapicha wa enzi za filamu walikuwa na kanuni waliyoijua kwa moyo: jua likiwa kali na vivuli vikiwa na kingo kali, weka tundu f/16, na shata iwe moja kugawanywa kwa ISO. Kwa ISO 100, hiyo ni 1/100. Sisi tunataka 1/50, ambayo ni mwanga mara mbili, basi tubane tundu hatua moja zaidi hadi f/22.

Umemaliza? La hasha. Lenzi nyingi haziupendi mwisho huo. Mwanga ukipenyezwa kwenye tundu dogo mno hutawanyika, na picha nzima hupoteza ukali wake. Vumbi lililotua kwenye kihisi, yaani kile kioo cha ndani kinachopokea picha, hujitokeza kama madoa meusi angani. Isitoshe, kwa f/22 kila kitu huonekana wazi kwa kiasi kimoja: bibi harusi, hema, gari la maji na mtoto anayejisaidia ukutani. Kwa f/4 au f/5.6 unaweza kumtenga bibi harusi na vurugu iliyo nyuma yake.

Miwani ya jua ya kamera

Hapo ndipo kinahitajika kichujio cha ND. Ni kioo chenye weusi wa kijivu kinachofungwa mbele ya lenzi na kupunguza mwanga bila kugeuza rangi. Namba yake inakuambia kimegawanya mwanga mara ngapi. ND2 huacha nusu, yaani hatua moja. ND4 ni hatua mbili, ND8 tatu, ND16 nne, na ND32 tano. Baadhi ya watengenezaji huandika 0.3 kwa kila hatua, kwa hivyo ukiona 1.5 dukani ujue ni ile ile ND32.

Kuna vya namba moja na kuna vya kuzungusha. Cha kuzungusha kina vioo viwili; ukigeuza kile cha mbele, weusi huongezeka au kupungua, kwa mfano kuanzia ND2 hadi ND32. Kwa harusi mimi hupendelea hiki, kwa maana mawingu hayangoji ubadilishe vioo. Lakini kina kasoro yake. Ukikizungusha hadi mwisho, hasa kwa lenzi inayoona eneo pana, huonekana alama ya giza kama herufi X katikati ya picha. Ukiiona, rudi nyuma kidogo. Vile vya bei ya chini sana pia huweza kutia picha rangi ya kijani au kahawia, kwa hivyo kabla ya kulipa piga shati jeupe ukiwa na kichujio na ukiwa huna, kisha ulinganishe.

Angalia pia upana wa lenzi yako, ambao huandikwa mbele yake baada ya alama Ø, kwa mfano Ø67. Ikiwa una lenzi mbili, nunua kichujio cha ile pana na pete ya chuma ya kukiunganisha na ile nyembamba. Utaokoa pesa.

Siku ya pili ya majaribio

Agosti 2024 mpwa wangu aliolewa huko Ngong, na nikapewa tena kamera. Safari hii nilifika saa mbili kabla ya wageni na kufuata utaratibu ule ule kila mahali: fremu kwanza, shata pili, ISO tatu, tundu nne, na kichujio mwisho. Niligeuza kamera kwenye M, nikaweka fremu 25, shata 1/50 na ISO 100.

Hapo kuna mtego ambao huwanasa wengi. Katika kamera nyingi, hata ukiwa kwenye M, ISO inaweza kubaki AUTO. Utadhani umeshika usukani, kumbe kamera bado inakanyaga mafuta yenyewe. Hakikisha umeona namba yenyewe, 100, wala si neno AUTO.

Asubuhi kulikuwa na mawingu, kama ilivyo kawaida ya Agosti upande huo, na hakukuwa na vivuli ardhini. Kanuni ya zamani husema hali hiyo inataka f/8 kwa 1/100. Kwa 1/50 ni f/11. Nilitaka f/4. Kutoka 11 hadi 8, hadi 5.6, hadi 4, ni hatua tatu. Nikazungusha kichujio hadi kama ND8, na picha ikakaa.

Saa saba mawingu yalipasuka na jua likatoka kwa hasira. Sasa ilihitajika f/22, na kutoka hapo hadi f/4 ni hatua tano, yaani ND32, mwisho kabisa wa kichujio changu. Nilijua ile X ingenitembelea. Nikabana tundu hadi f/5.6 ili kichujio kibaki na hatua nne, karibu ND16. Shata na ISO sikuzigusa kamwe.

Wazee walikuwa wameketi chini ya mwembe. Kivulini, chini ya mbingu iliyo wazi, mwanga ni hafifu kwa kama hatua tatu kuliko juani, kwa hivyo nilifungua kichujio na kuacha tundu pale pale kwenye f/5.6. Usiku hemani, chini ya taa za umeme, nilifungua tundu hadi f/2.8, na hapo tu ndipo nilipopandisha ISO, ikafika 1600. Chengachenga zilikuwepo kidogo, lakini afadhali chengachenga kuliko giza.

Usiamini kioo cha kamera juani

Kosa moja lilinikaribia mchana ule. Juani kioo cha kamera huonekana cheusi hata kama picha ni sawa, na mkono huwasha kutaka kuongeza mwanga. Ukivaa miwani ya jua, baadhi ya miwani hukifanya kioo hicho kionekane kimezimika kabisa. Wapigapicha wengi huharibu magauni meupe hivyo.

Dawa yake ni alama inayoitwa Zebra kwenye menyu. Ukiiwasha na kuiweka 100, milia kama ya punda milia hutembea juu ya sehemu yoyote ambayo mwanga umezidi kiasi kwamba hakuna kitu kilichonaswa. Niliielekeza kamera kwenye gauni na kuzungusha kichujio mpaka milia ikatoweka kwenye kitambaa, ikabaki kwenye vioo vya magari tu, ambavyo havinihusu. Tarizi za gauni zikarudi.

Lakini sura zetu ni nyeusi, na jua la utosini hutia macho kivuli, hasa chini ya kofia. Ukilinda gauni peke yake, uso unaweza kuzama gizani. Kichujio hakiwezi kutibu hilo, kwa kuwa hupunguza mwanga wa gauni na wa uso kwa kiasi kimoja. Nilimwomba mpwa wangu asogee ukingoni mwa kivuli cha hema kwa mahojiano, na pale gauni na uso vikapatana. Densi niliipiga juani, nikakubali milia michache begani mwa gauni ili nyuso zionekane.

Na wenye simu je?

Simu nyingi zina tundu lisilobadilika, mara nyingi karibu f/1.8 kwa lenzi kuu, kwa hivyo kitu kimoja kati ya vile vya kupunguzia mwanga hakipo. Unahitaji kwanza programu inayokuruhusu kufunga shata na ISO. Ukiweka 1/50 na ISO 50 juani, hesabu ile ile inataka f/16, na kutoka hapo hadi f/1.8 ni zaidi ya hatua sita. Kichujio cha simu cha kutumia basi ni ND64, kinachobanwa kwa kibanio juu ya lenzi. Hakikisha kimefunika lenzi unayoitumia, kwa maana simu nyingine huruka kutoka lenzi moja hadi nyingine unapovuta picha karibu.

Jaribio la dakika tano

Kabla ya sherehe yoyote, mwombe mtoto apige makofi mbele ya kamera juani. Piga sekunde kumi kwa 1/50 ukiwa na kichujio, kisha sekunde kumi ukiiacha kamera ijiamulie. Simamisha kila video katikati ya kofi. Katika ya kwanza viganja vitakuwa na ukungu mwepesi. Katika ya pili vitakuwa vikali kama vya sanamu. Ziachilie zitembee, na utaona ni ipi inayofanana na mtoto wako.

Huko Ngong, mama yake bibi harusi aliinuka saa nane na kucheza ngoma ile ile aliyoicheza nyanya mwaka ule. Tulipoitazama jioni, hakuna aliyesema neno lolote juu ya kamera. Walikuwa wakibishana kama mama huyo anarusha bega kama marehemu, na wakaniomba niirudishe mwanzo mara tatu.